Kitanzi cha ethi: kwa nini spika huvuma kifaa kingine kinapochomekwa

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja wa harusi Dar es Salaam. Wapambaji walikuwa wamemaliza kufunga vitambaa, nami nilikuwa nyuma ya miksa nikijaribu mitambo. Maiki zilitoa sauti safi. Muziki niliopiga kutoka kwenye simu ulikuwa safi pia. Kisha kijana wa picha akaleta laptopu yenye picha za utotoni za maharusi. Nikachomoa simu, nikaweka laptopu kwenye waya uleule wa mita 10 unaotoka meza ya jukwaani hadi kwenye miksa. Ikacheza vizuri. Kijana akaona chaji imepungua, akachomeka chaja kwenye soketi iliyo karibu na jukwaa. Papo hapo spika zote zikaanza kuvuma: mvumo mzito, usiopanda wala kushuka, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi.

Mzee mmoja wa kamati akasogea. “Fundi, hiyo laptopu ni mbovu. Tafuteni nyingine.”

Ikaletwa nyingine, ya kampuni tofauti na yenye chaja yake. Ikavuma vilevile.

Nikamwomba kijana achomoe chaja. Kimya kikarudi. Tukakubaliana kwamba laptopu itafanya kazi kwa betri, na saa moja baadaye akaja mtu wa projekta. Akaunganisha waya wa picha kutoka projekta hadi kwenye laptopu, na mvumo ukarudi ingawa chaja ilikuwa bado mfukoni mwa kijana. Nikazima projekta kwa swichi ya ukutani. Mvumo ukabaki palepale. Nikachomoa plagi yake kabisa kutoka kwenye soketi. Kimya.

Hapo ndipo jibu lilipojionyesha. Projekta iliyozimwa haina umeme ndani yake wa kutengenezea kelele yoyote. Lakini swichi ya kawaida ya soketi zetu hukata waya wa moto tu. Waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, haupiti kwenye swichi hiyo. Hubaki umeunganishwa mpaka plagi itoke ukutani. Kwa hiyo kilichokuwa kikileta mvumo hakikuwa laptopu, wala chaja, wala projekta. Ilikuwa ni njia ambayo kila kimoja kati ya vifaa hivyo kilikuwa kikiifungua. Mafundi wa sauti huiita kitanzi cha ethi.

Kitanzi kinavyofungwa

Plagi ya pini tatu ina pini mbili za kazi na moja ya ulinzi. Umeme unaoendesha kifaa huingia na kutoka kwa zile mbili. Ile ya tatu, ndefu kuliko wenzake, hushikamana na bati la nje la kifaa na kuliunganisha na ardhi ya jengo. Kila kifaa chenye plagi ya namna hiyo kina bati lililofungwa kwenye ethi, na ethi zote za jengo hukutana mahali pamoja, kwenye boksi kuu la umeme.

Sasa tazama ukumbi wangu. Miksa yangu ilikuwa imechomekwa ukuta wa nyuma. Chaja ya laptopu ilichomekwa ukuta wa mbele. Miksa na laptopu tayari zilikuwa zimeunganishwa kwa njia moja, yaani kupitia ethi: kutoka miksa hadi boksi kuu, na kutoka boksi kuu hadi laptopu. Nilipoweka waya wa sauti kati yao, nikaziunganisha kwa njia ya pili. Njia mbili kati ya vitu vilevile viwili hufanya duara. Ukiifuata kwa kidole unaanzia kwenye miksa, unapita waya wa sauti hadi kwenye laptopu, unashuka kwenye chaja, unaingia ukutani, unafika boksi kuu, unazunguka ukuta wa nyuma na kurudi kwenye miksa ulikoanzia.

Simu haikuvuma kwa sababu ilikuwa ikitumia betri. Upande wake duara lilikuwa wazi. Laptopu yenye betri nayo vivyo hivyo. Projekta ilipounganishwa, ililifunga duara kwa njia nyingine, kwa sababu waya wa picha nao una chuma cha nje kinachogusa bati la projekta, na bati la projekta limeshikwa na ethi. Ndiyo maana laptopu isiyo na chaja ilivuma. Ethi iliingia kwa mlango wa jirani.

Duara tupu la waya halina kelele. Kelele huja kwa sababu duara hili limelala ndani ya jengo lenye umeme, na kuna mambo mawili yanayosukuma mkondo ndani yake.

La kwanza ni kwamba ethi za soketi mbili haziko sawasawa. Chaja, kompyuta, friji, taa za kisasa na vifaa vingi vya leo huvujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye ethi, na hilo limekusudiwa na watengenezaji wake, kwa kuwa vina vichujio vya kuondoa takataka za umeme. Umeme huo mdogo hupita kwenye waya wa ethi wa jengo, na waya wowote una ukinzani. Matokeo yake ethi ya soketi moja huwa juu kidogo kuliko ya nyingine, kama mabwawa mawili ambayo maji yake yamepishana kwa unene wa ukucha. Bila mfereji kati yake hakuna kinachotokea. Chimba mfereji, maji yataenda. Waya wa sauti ndio mfereji.

La pili ni sumaku. Nyaya za umeme zenye mzigo, na hasa transfoma, huzungukwa na usumaku unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba usumaku unaobadilika ndani ya kitanzi cha waya huzalisha umeme katika waya huo. Kwa sheria hiyohiyo mitambo ya Kidatu huzalisha umeme wa gridi yetu. Kitanzi cha ethi chenye upana wa ukumbi mzima ni jenereta ndogo isiyotakiwa, na kadiri eneo lililozungukwa na nyaya linavyokuwa kubwa ndivyo inavyopata nguvu zaidi.

Milivolti chache zinavyogeuka mvumo

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa tofauti kati ya ethi ni ndogo hivyo, mbona spika zinavuma kwa nguvu?

Nilichukua mita, nikaiweka kwenye volti za umeme wa kubadilika, nikapima kati ya bati la miksa na chuma cha nje cha ile plagi ndogo ya sauti iliyokuwa kwenye laptopu, upande wa miksa ukiwa umechomolewa. Ilisoma milivolti 20, yaani elfu ishirini za volti moja kugawanywa kwa milioni. Huwezi kuzihisi kwa mkono wala kuwashia taa.

Sasa fikiria waya wenyewe. Waya wa kawaida wa kutoka kwenye tundu la hedifoni una uzi wa katikati unaobeba sauti, na kuuzunguka kuna nyaya nyembamba zilizosukwa kama mkeka. Tuuite msuko. Msuko una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuukinga uzi wa ndani dhidi ya kelele za nje, na kuwa njia ya kurudia ya sauti yenyewe. Miksa inaisoma sauti kwa kulinganisha uzi wa katikati na msuko.

Tuseme msuko wa mita 10 una ukinzani wa sehemu mbili za kumi za omu, na nyaya za ethi zinazokamilisha duara zina sehemu tatu za kumi. Jumla ni nusu omu. Milivolti 20 zikisukuma duara la nusu omu hutoa miliampea 40. Mkondo huo ukipita kwenye msuko huacha milivolti 8 kati ya ncha yake ya laptopu na ncha yake ya miksa. Miksa haina namna ya kujua kwamba milivolti hizo si muziki. Inazijumlisha na sauti, kisha amplifaya inakuza vyote pamoja.

Sauti ya kifaa cha nyumbani kwa kawaida huwa takriban milivolti 300. Kwa hiyo mvumo ni kama sehemu moja ya arobaini ya muziki. Muziki ukipigwa kwa nguvu unafunikwa, lakini picha zikipita taratibu huku mama wa bibi harusi akisimulia, ukumbi mzima utausikia.

Hesabu hiyo inaonyesha pia pa kushika. Mvumo unategemea tofauti kati ya ethi, eneo la duara, ukinzani wa msuko, na ukweli kwamba msuko unabeba sauti. Kila dawa ya kweli hugusa moja kati ya hayo.

Kujua kama ni kitanzi au ni ugonjwa mwingine

Si kila mvumo ni kitanzi. Kabla ya kununua chochote, chomoa nyaya zote za sauti zinazoingia kwenye amplifaya. Ikiendelea kuvuma peke yake, kasoro imo ndani yake, na mara nyingi ni kapasita za kusafishia umeme zilizozeeka. Hiyo ni kazi ya meza ya fundi.

Ikinyamaza, rudisha nyaya moja baada ya nyingine na usikilize ni wakati gani mvumo unaingia. Ukishakipata kifaa, kizime ukutani lakini acha plagi mahali pake. Mvumo ukibaki, kisha ukatoweka plagi inapotoka, umelikamata duara la ethi. Kipimo hicho hakihitaji mita.

Kuna mvumo mwingine unaofanana nao ambao tiba yake ni kinyume kabisa. Mpiga gitaa akigusa nyuzi au chuma cha plagi na mvumo ukapungua, hapo ethi au msuko haujafika unakotakiwa, pengine umekatika ndani ya plagi, na mwili wake ndio unaoziba pengo. Kitanzi ni njia iliyozidi; huyu anaumwa kwa njia iliyopungua. Kwake dawa ni kuunga waya.

Na kuna chaja za pini mbili, ambazo zimejaa majumbani mwetu. Hizo hazina ethi, hivyo haziwezi kufunga duara lenyewe. Lakini kapasita ndogo ndani yake hupitisha umeme kiasi kidogo kutoka upande wa ukutani hadi upande wa kifaa. Ndiyo maana ukipapasa laptopu ya bati inayochajiwa kwa chaja ya namna hiyo unahisi mtetemo kwenye vidole. Umeme huo ukipata waya wa sauti hupita kwenye msuko kuelekea ethi ya miksa, na unasikika kama mvumo wenye ukali zaidi. Chanzo ni kingine, lakini mlango ni uleule wa msuko, na dawa nyingi za kitanzi humfaa pia.

Dawa, kuanzia ile isiyo na gharama

Ya kwanza ni kuchomeka kila kinachogusa sauti kwenye soketi moja au ekstensheni moja yenye ethi nzima. Ethi za vifaa zikikutana umbali wa nusu mita badala ya kwenye boksi kuu, tofauti kati yake hushuka sana, na duara husinyaa. Laza waya wa sauti pamoja na ekstensheni inayokwenda jukwaani kwa kadiri ya kutoacha uwanja mpana katikati yake, lakini usiubane kwenye waya wenye mzigo mkubwa kama wa viyoyozi. Hakikisha tu kwamba mzigo wote hauzidi uwezo wa ekstensheni. Katika vyumba vya kawaida, hatua hii pekee humaliza kesi nyingi.

Ya pili ni waya mfupi wenye msuko mnene. Rudi kwenye hesabu: msuko ukiwa na nusu ya kumi ya omu badala ya mbili za kumi, mvumo unashuka kutoka milivolti 8 hadi karibu 3. Hauishi, lakini unapungua.

Ya tatu ni kuacha kutumia msuko kama njia ya sauti. Waya wa maiki una plagi ya pini tatu kwa sababu ndani yake kuna nyuzi mbili za sauti, na msuko unabaki na kazi ya ulinzi tu. Uzi mmoja hubeba sauti, wa pili hubeba sauti hiyohiyo iliyogeuzwa. Miksa inatoa mmoja kwa mwingine: sauti inajijumlisha, ilhali mvumo, ulioingia kwa kiasi kilekile kwenye nyuzi zote mbili, unajifuta. Ndiyo maana waya wa maiki wa mita 50 unaweza kupita kimya pale ambapo waya wa hedifoni wa mita 5 unavuma.

Tatizo ni kwamba laptopu na simu hazitoi sauti ya namna hiyo. Hapo inaingia dawa ya nne, boksi la DI lenye transfoma. Ndani yake kuna koili mbili zilizozungushiwa chuma kimoja bila kugusana. Sauti inaingia koili ya kwanza, inakuwa usumaku, inatoka koili ya pili kama umeme tena. Sauti imevuka, ila hakuna waya uliovuka. Duara limekatwa. Boksi likiwekwa karibu na laptopu, kutoka hapo hadi kwenye miksa unatumia waya wa maiki. Kuna swichi ndogo juu yake ya kuachanisha ethi. Hiyo hukata msuko wa waya wa sauti peke yake na haigusi ethi ya umeme, kwa hiyo ni salama.

Kuna visanduku vya bei ndogo vinavyofanya kazi hiyohiyo, vyenye transfoma ya ukubwa wa ukucha. Huondoa mvumo kweli, lakini chuma kidogo hushiba usumaku upesi kwenye sauti nzito, hivyo besi hupungua au hukwaruza. Kwa picha za harusi na mahubiri vinatosha. Kwa muziki wa kucheza utausikia upungufu.

Siku ile niliweka boksi la DI kati ya laptopu na miksa. Chaja ikarudi ukutani, projekta ikarudi, zote pamoja. Spika zikanyamaza.

Dawa inayoua

Kulikuwa na jambo lingine ukumbini. Bendi ilipofika, nilitoa ekstensheni ya ukumbi kwa ajili ya amplifaya ya gitaa, na plagi yake ikawa imelegea. Nikaifungua nikaze skrubu. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa na kuviringishiwa utepe mweusi. Mtu fulani kabla yangu alikuwa ameusikia mvumo, akaukata waya wa ethi, na mvumo ukaisha. Hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote katika mada hii: dawa hiyo inafanya kazi. Inakata duara sawasawa na transfoma, ndiyo maana inaigwa.

Lakini waya ule uliwekwa kwa ajili ya siku moja. Siku waya wa moto utakapochubuka ndani ya amplifaya na kugusa bati, ethi nzima itapitisha mkondo mkubwa kiasi cha kupasua fyuzi ya ampea 13 mara moja, na kifaa kitazimika. Bila ethi, fyuzi haijui lolote. Bati linakaa na volti 230, na nyuzi za gitaa, ambazo zimeunganishwa na bati hilo kupitia msuko wa waya wa gitaa, zinakaa nazo pia. Mpiga gitaa hahisi kitu akiwa amesimama kwenye zulia. Kisha anasogeza mdomo kwenye maiki, ambayo chuma chake kimefungwa kwenye ethi ya miksa. Mwili wake sasa ndio waya. Breka za usalama zinazohisi umeme unaovuja hukata kwenye miliampea 30 kwa sababu zaidi ya hapo moyo uko hatarini, na kumbi nyingi hazina breka za aina hiyo.

Tarehe 3 Mei 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows kutoka Scotland, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na ethi huku ameshika gitaa lake. Hapakuwa na dhoruba wala waya uliodondoka. Palikuwa na ethi iliyokosekana upande mmoja, ikikutana na mtu aliyeshika pande zote mbili.

Nilibandua ule utepe, nikamenya waya, nikaukaza kwenye pini ndefu. Nilipochomeka ekstensheni, amplifaya ya gitaa, iliyokuwa na waya unaokwenda kwenye miksa, ikavuma, kama nilivyotazamia. Duara lililokuwa limekatwa kwa kisu lilikuwa limefungwa upya. Nikaweka boksi la pili la DI kwenye njia yake, nikabonyeza ile swichi ndogo. Mvumo ukaondoka, na mara hii ethi ilikuwa mahali pake.